Kaka ana kuku kumi

Mimi niliishia darasa la nne, kule Magu. Kusoma najua, ila taratibu, kidole kikiwa chini ya neno na midomo ikicheza. Ujumbe wa simu hausumbui. Barua ikitoka shuleni, nairudia mara mbili ndipo naielewa. Kwa hiyo binti yangu alipofikisha miaka mitano na nusu, yuko darasa la awali na hajui kusoma hata neno moja, sikufikiria kabisa kwamba mtu wa kumfundisha ni mimi. Nilikuwa natafuta hela ya twisheni. Hela haikupatikana, ndipo nikaanza mwenyewe.

Nilianza na kitu nilichokikumbuka, yaani vile nilivyofundishwa mimi: a, be, che, de. Tuliimba asubuhi nikipanga maandazi kwenye ndoo, tukaimba jioni tukirudi kutoka bombani. Baada ya wiki mbili alikuwa anaziimba zote bila kuruka hata moja, nami nikaona kazi imekwisha. Nikachukua ubavu wa boksi la sabuni, nikaandika kwa mkaa neno nililodhani ndilo rahisi kuliko yote duniani: mama.

"Soma."

Akaweka kidole. "Me. A. Me. A."

"Vizuri. Sasa unganisha."

"Meamea."

Nikamwambia atazame vizuri. Akatazama, akasema tena, "Meamea." Nikapandisha sauti. Nikamwambia hili ni neno dogo, analisema kila siku, anashindwaje. Mara ya nne hakutazama tena boksi, alinitazama usoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Meamea?" Nikafoka. Akalia, nami nikaenda kukoroga unga huku mikono inatetemeka. Kuanzia siku ile, kila nikigusa lile boksi alikuwa anatoka nje. Ilikwenda hivyo siku kama kumi.

Aliyetutoa pale ni mama yangu. Alikuja Mwanza kutibiwa macho, akakaa kwangu wiki tatu, nikamsimulia. Akacheka kidogo, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Mwanao hajakosea. Amesoma kile ulichomfundisha."

Na kweli. Nilimfundisha kwamba alama hii inaitwa "me" na ile inaitwa "a". Ukiunganisha me na a unapata mea. Mtoto alifuata kanuni yangu kwa uaminifu wote, na kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu. Jina la herufi ni kitu kimoja, sauti yake ni kitu kingine. Herufi m katika neno mama haisemi "me". Inasema mmm, midomo imefungwa, sauti inatokea puani.

Mama yangu hakuwahi kukaa kwenye dawati akiwa mtoto. Alijifunza kusoma akiwa tayari ameolewa, chini ya mwembe, kwenye kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970 ndio Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, lakini huku kwetu kanda ya ziwa madarasa yalikuwa yameanza kabla, tangu 1968, kwa mradi wa majaribio uliosaidiwa na Yunesko. Vitabu vyao vilitungwa juu ya kazi ambazo watu walikuwa wanazifanya. Wasukuma tulikuwa watu wa pamba, kwa hiyo mama alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba.

Alinieleza walivyokuwa wanafanya. Mwalimu aliandika ubaoni sentensi fupi ya kilimo, wote wakaisema. Akatoa neno moja, tuseme pamba. Akalikata: pa, mba. Kisha kutoka kwenye pa wakatengeneza ndugu zake: pa, pe, pi, po, pu. Kesho yake wakatafuta maneno mengine yenye hizo silabi. "Hatukuimba majina ya herufi," alisema. "Tulikuwa watu wazima, tungeona aibu. Tulisoma vipande vya maneno." Mtu aliyekuwa anapalilia pamba tangu alfajiri, jioni akiona neno pamba ubaoni, hahitaji kuelezwa maana yake. Kazi yake ni moja tu, kuona kwamba zile alama ndizo neno lililo mdomoni mwake.

Tukaanza upya, safari hii na mama yangu akiwa amekaa pembeni anachambua mchele.

Nilikusanya vizibo vya soda kutoka kwa jirani anayeuza vinywaji, nikavikata ukali kwa jiwe, nikabandika karatasi ndani na kuandika herufi kwa kalamu ya wino mzito. Irabu tano, yaani a, e, i, o, u, niliziandika kwa wino mwekundu, kila moja nakala nne. Konsonanti kwa wino mweusi. Rangi ile ilisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu katika Kiswahili karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Mtoto akiona chekundu anajua hapo ndipo silabi inapokata.

Wiki ya kwanza tulikaa na vyekundu tu. Anachota kimoja, anasema sauti yake, anataja kitu kinachoanza na sauti hiyo: a, asali, e, embe, i, imba, o, ota, u, uji. Dakika kumi jioni, maharage yakiwa jikoni. Maharage yalikuwa saa yangu. Nikisikia yanataka maji, somo limekwisha, hata kama yeye bado anataka.

Wiki ya pili nikaongeza m na n. Nilizichagua hizo kwa sababu ni sauti unayoweza kuivuta. Unasema mmmmm kadiri pumzi inavyoruhusu, kisha unafungua mdomo kwenye a, inatoka ma yenyewe. Mtoto anaisikia ile safari kutoka herufi moja kwenda nyingine. Vivyo hivyo na nnnn, na ssss, na llll. Herufi kama k, t, p na b hazivutiki. Ukijaribu kuitamka k peke yake utajikuta unasema "ke" au "ka", na hapo umerudi kulekule kwenye meamea. Kwa hiyo hizo sikuzitamka peke yake kabisa. Nilimpa moja kwa moja zikiwa na irabu: ka, ke, ki, ko, ku.

Na tazama utajiri uliomo. Kwa m na n peke yake, pamoja na zile irabu tano, unapata mama, mimi, nina, nini, nani, nane, amani, ona. Unapata hata sentensi. Jioni moja nilipanga vizibo juu ya mkeka bila kusema neno. Akaweka kidole: "Mmmma... mama. A... na... ana. Ni... ni... nini. Mama ana nini?"

Akanyamaza, kisha akainua macho. "Mama ana nini? Mama, una nini?"

Nilikuwa nimeficha embe nyuma ya mgongo. Nikampa.

Tulipoongeza k mambo yakafunguka zaidi. Kaka, kuku, kumi, mkeka, kinu, kama. Kwa konsonanti tatu tu, m, n na k, nikamwandikia kwenye daftari: Kaka ana kuku kumi. Aliisoma kwa dakika nzima. Alipomaliza akasema hapana, kaka ana kuku wanne, akatoka nje kuwahesabu. Kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko kusoma kwenyewe, kwa sababu lilionyesha kwamba maandishi yamemwambia kitu naye amekikatalia. Mtoto anayetamka silabi bila kuelewa hawezi kubishana na sentensi.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mwendo wa herufi moja au mbili kwa wiki: l, t, s, p, b, w, y, h. Sikufuata mpangilio wa kwenye wimbo. Kitu nilichokizingatia ni kutenganisha zinazofanana. Hapa nilijikwaa kidogo, maana b na d nilizitoa zikiwa zimekaribiana, wiki moja tu katikati. Akawa anasoma baba kama dada na dada kama baba. Katika Kiswahili kosa hilo ni gumu kulishtukia, kwani yote mawili ni maneno, na "Dada analima" inaleta maana kama "Baba analima". Nikairudisha d kwenye kopo kwa wiki tatu nzima, tukabaki na b mpaka mkono wake ukazoea kuiandika: mti kwanza kutoka juu kwenda chini, kisha tumbo. Nilipoileta tena d, nilimfundisha kuianza kwa tumbo, mti ukafuata. Na akisahau, anakunja ngumi mbili na kuinua madole gumba mbele ya kifua. Ngumi ya kushoto ni b, ya kulia ni d. Mpaka leo namwona akichungulia ngumi zake chini ya meza.

Wakati huo alikuwa anajua kusoma silabi zote nyepesi, lakini kitu kimoja kilinishangaza. Alikuwa anasoma neno lote sawasawa kisha ananiuliza ni neno gani. "Mi, ke, kaaa. Mama, mikekaaa ni nini?" Wakati amekaa juu yake! Nilihangaika na hilo siku kadhaa ndipo nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Watoto wakisoma silabi huvuta ile ya mwisho, kama wanavyoimba darasani. Sisi tukizungumza hatusemi hivyo. Uzito wa neno la Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema mikeka tukikanyaga "ke", na "ka" inapita kwa upole. Ukiukanyaga mwisho, neno linakuwa geni, hata kama kila silabi ni sahihi.

Basi tukaweka utaratibu. Asome silabi mara moja kwa kidole, kisha aondoe kidole na kulisema neno "kama unavyoniita mimi". Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, kulisema kama watu wanavyosema. Kabla mwezi haujaisha, ule wimbo wa mwisho wa neno ulikuwa umepungua sana.

Sasa niseme juu ya vitabu, maana vizibo vina mwisho wake.

Cha kwanza nilikinunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba mjini. Kilikuwa na picha nzuri ajabu, karatasi inateleza, ila ni cha Kiingereza. Kwa kusoma hakikutufaa. Mtoto bado anajifunza kwamba herufi zina sauti, na kwenye Kiingereza herufi ileile inabadilika sauti kila neno. Tulitumia picha tu kusimulia. Kitabu cha kuanzia lazima kiwe cha lugha anayoizungumza mtoto, na kwetu nyumbani ni Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma.

Jirani anayefanya kazi stesheneri ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Kuna tovuti inayoitwa African Storybook, ina hadithi za watoto za Kiswahili za bure, na mtu anaruhusiwa kuzichapa. Zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni maneno machache kila ukurasa, na zinakwenda zikiongezeka mpaka hadithi ndefu za kusomewa na mkubwa. Vilevile Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, ambako vitabu vya kiada vya darasa la kwanza vinasomeka kwenye simu. Nilichapa hadithi nne fupi, nikazishona kwa uzi katikati kama daftari. Karatasi ni bora kuliko simu kwa umri ule, kwa sababu anaweza kuweka kidole bila ukurasa kukimbia.

Mzazi aliyesoma kidogo kama mimi anachaguaje kitabu? Mimi nilijipima mwenyewe kwanza. Usiku watoto wakilala, nilikuwa nakisoma chote kwa sauti ya chini. Penye neno linalonikwamisha, naliwekea mikwaju midogo ya penseli kati ya silabi, hivi: wa/na/o/mba, halafu nalirudia mpaka linateleza. Kitabu kikinikwamisha kila ukurasa, nakiweka pembeni, nakirudia baada ya miezi. Kukwama mara mbili tatu katika kitabu kizima si neno, kwa sababu na yeye anapaswa kuona mtu mkubwa anavyojitoa pale alipokwama. Kingine nilichoangalia ni marudio. Kitabu kinachosema "Mbuzi anakula nyasi. Ng'ombe anakula nyasi. Kondoo anakula nyasi" kinampa neno jipya moja kila ukurasa na mengine yote ni wenyeji wake. Kitabu chenye maneno mapya sita kila ukurasa ni cha kumsomea, si cha yeye kusoma. Vyote viwili vinahitajika, lakini visichanganywe.

Wala sikuona tena kusoma kwangu kwa polepole kuwa tatizo. Mume wangu alifika kidato cha pili, anasoma haraka, na akimsomea mtoto anakuwa ameshafika mwisho wa mstari wakati kidole cha mtoto kiko kwenye neno la pili. Mimi nikisoma, kidole chake na sauti yangu vinakwenda pamoja.

Marudio lakini yana mtego, na nilinaswa. Kitabu kimoja cha mbuzi alikipenda sana. Ndani ya wiki mbili alikuwa anakisoma chote bila kukwama, kwa sauti nzuri, na uzito wa maneno mahali pake. Nikamwita jirani aje asikie. Binti akasimama, akafungua, akaanza. Katikati akafunua kurasa mbili kwa pamoja kwa sababu zilikuwa zimegandana na mafuta ya maandazi. Hakustuka. Akaendelea kusoma ule ukurasa ambao haukuwapo mbele yake, neno kwa neno, macho yakiwa kwenye picha ya ukurasa mwingine.

Alikuwa amekariri kitabu kizima. Jirani hakuona, mimi niliona, nikakaa kimya.

Sikumgombeza, kwa sababu kukariri si dhambi. Mtoto anayekariri hadithi ameshajua hadithi inavyokwenda, na hilo ni jema. Lakini ilibidi nijue ni kipi anakisoma na kipi anakikumbuka. Tangu hapo nikawa na njia tatu za kupima. Ya kwanza, nafunika picha kwa kiganja. Ya pili, namwonyesha neno moja katikati ya ukurasa bila kuanzia mwanzo. Akilazimika kurudi mwanzo wa sentensi na kuiimba mpaka afike pale, amekariri. Ya tatu ndiyo aliyoipenda, kwa sababu ilikuwa mchezo: nachukua sentensi ya kitabu, naiandika kwenye daftari nikibadilisha kitu kimoja. Kitabuni, "Mbuzi anakula nyasi." Kwangu, "Mbuzi anakula sahani." Siku ya kwanza alisoma "nyasi" bila wasiwasi. Nikamwambia tazama tena. Akaweka kidole, sa, ha, ni, kisha akacheka mpaka akalala chini. Kuanzia hapo akawa anakagua kila neno asije akalishwa sahani tena.

Kisha zikaja herufi zinazokwenda kwa makundi: mb, nd, ng, nj, nz, ny, sh, ch, mw, kw na wenzao. Nilikuwa nimeziogopa kwa sababu mimi mwenyewe darasani nilizikariri tu. Kilichonisaidia ni makofi. Kabla ya kuona neno, tunalisema na kulipigia makofi. Mtoto: m, to, to, makofi matatu. Mbuzi: mbu, zi, makofi mawili. Hiyo m ya mtoto inasimama peke yake, ina kofi lake, wakati m ya mbuzi imeshikana na b na haiwezi kukaa peke yake. Sikio la mtoto linalijua hilo tangu ana miaka miwili, ila macho ndiyo hayajui. Alipokuwa anasoma "muti" na "muke" nilimrudisha kwenye makofi na kumwomba afunge midomo kwenye m bila kuweka u. Ikakaa.

Maneno marefu nayo yalikuwa na taabu yake. Tulikutana na "amewanunulia". Akasoma a, me, wa, nu, nu, li, a, na alipofika mwisho mwanzo ulishapotea. Nilimfanya arudie mara tatu, kila mara akichoka zaidi. Kisha nikafunika "amewa" kwa dole gumba, likabaki "nunulia". Hilo alilifahamu, maana kila siku ananiambia ninunulie. Nikasogeza dole kidogo: wanunulia. Nikasogeza tena: amewanunulia. "Aaa, Mama amewanunulia viatu!" Maneno yetu marefu yamejengwa hivyo, mwili uko nyuma na vichwa vinaongezwa mbele. Ukianzia nyuma, mtoto anashika kitu chenye maana tangu mwanzo, na ule uzito wa silabi ya pili kutoka mwisho unabaki mahali pake kila unapoongeza.

Kuna tatizo moja ambalo lilikuwa langu, si lake. Kisukuma hakina r. Nimekua nikisema "lafiki" na "balabala", na nikijitahidi sana nazidisha, naweka r pasipotakiwa. Mtoto alikuwa akisikia kwangu, kisha anaandika alivyosikia. Akaandika "kula" kwa maana ya kupiga kura, na "mahari" kwa maana ya mahali. Siwezi kumfundisha sauti ambayo ulimi wangu hauna. Nilimwomba mama mmoja jirani, mtu wa Tanga, anirekodie kwenye simu maneno ishirini mawilimawili: kula, kura, mahali, mahari, na kadhalika. Binti akawa anasikiliza na kuonyesha kadi ya neno alilolisikia. Mimi nilikaa pembeni nikijifunza naye. Yeye alikamata ndani ya wiki mbili. Mimi bado.

Kwenye ng' ndiko Kisukuma kilitusaidia. Watu wengi wanahangaika na tofauti ya ngoma na ng'ombe. Kwetu sauti ile tunayo tangu utotoni, mtoto wetu tunamwita ng'wana. Kwa hiyo nilimwambia tu: ukiona kile kitone cha juu, hii ni sauti ya ng'wana, haina g ndani yake. Ukiwa huna kitone, g ipo, unaisikia inapasuka: ngo-ma. Alielewa jioni hiyohiyo, nami nikaelewa kwa mara ya kwanza kile kitone kinafanya kazi gani. Miaka yote hiyo nilidhani ni pambo.

Jumla ilituchukua miezi minane, tangu Mei mpaka karibu na kuingia darasa la kwanza mwezi Januari, siku tano kwa wiki, dakika kumi mpaka kumi na tano. Siku ambazo niliongeza muda kwa kuwa tulikuwa "tunaendelea vizuri", kesho yake alikuja akiwa mzito. Siku nilizokuwa nimechoka na kuona hasira inapanda, nilifunga daftari, nikamsimulia hadithi gizani. Boksi lile la sabuni lilikuwa limenifundisha.

Juzi tulikwenda bucha, tukakuta wamebandika kibao kipya, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: NYAMA YA NGOMBE. Alisimama akakisoma chote, kisha akaganda kwenye neno la mwisho. Akanivuta gauni.

"Mama, mbona wanauza nyama ya ngombe? Kitone kiko wapi?"

Muuza nyama alisikia. Akashuka, akatazama kibao chake, akaingia ndani kutafuta rangi.